Faranga za Bujumbura, shilingi za Kigoma: sarafu ya kidijitali ya benki kuu itapunguza gharama ipi?

*"Nauza chumvi ya Uvinza na unga wa sembe kwa mteja wa Bujumbura, mzigo unapakiwa Kibirizi. Yeye ana faranga, mimi nataka shilingi. Kila tukilipana kuna pesa inapotelea njiani na hakuna anayenieleza imekwenda wapi. Nasikia benki kuu zinataka kutoa sarafu za kidijitali. Zikija, nitaacha kupoteza?" (Msomaji, Kigoma)*

Ndugu msomaji, sehemu ya hasara hiyo itapungua, na kwa mzigo mdogo utaiona tofauti. Lakini sehemu kubwa zaidi haitokani na njia inayopitisha pesa. Inatokana na bei ya faranga yenyewe na uhaba wa watu wanaoitaka upande wa Tanzania, na hapo sarafu ya kidijitali peke yake haina dawa. Ili uone mpaka uko wapi, tufuate malipo ya mzigo mmoja tangu yanapotoka Bujumbura hadi yanapoingia kwenye akaunti yako, tukihesabu kila anayekata.

Tuseme ankara yako ni shilingi 5,000,000. Nitatumia viwango rahisi vya kuhesabia, si vya leo: dola 1 kwa shilingi 2,500 na dola 1 kwa faranga 3,000. Vyote viwili ni bei ya kati, yaani katikati ya bei ambayo benki inanunulia na ile inayouzia. Kwa hesabu hiyo shilingi 1 ni sawa na faranga 1.2, na ankara yako ni dola 2,000.

Mteja wako anakwenda benki yake na faranga. Benki hiyo haina shilingi za kumuuzia, kwa hiyo inamuuzia dola, na haimuuzii kwa 3,000 bali kwa 3,060. Dola 2,000 zinamgharimu faranga 6,120,000. Kisha anatozwa ada ya kutuma, tuseme dola 30, ambazo kwa bei hiyo hiyo ni faranga 91,800. Ujumbe unakwenda kwa mtandao wa SWIFT, lakini dola zenyewe hazisafiri kutoka Bujumbura kuja Kigoma. Zinahama kwenye vitabu vya benki ya njiani, mara nyingi ya New York, ambako benki zote mbili, au benki zinazoziwakilisha, zina akaunti. Benki hiyo nayo inakata chake, tuseme dola 20. Benki yako ikipokea inakata dola 10, na zilizobaki 1,970 inazinunua kwa shilingi 2,460 badala ya 2,500. Unapokea shilingi 4,846,200.

Sasa linganisha alichotoa yeye na ulichopata wewe, vyote kwa bei ya kati. Hesabu hii unaweza kuifanya kwa simu kila unapolipwa. Chukua viwango vya siku hiyo hiyo kutoka Benki Kuu ya Tanzania na Benki ya Jamhuri ya Burundi, halafu, BIF ikiwa faranga ya Burundi na TZS shilingi ya Tanzania:

```
bei_ya_kati = BIF kwa dola / TZS kwa dola = 3000 / 2500 = 1.2
alicholipa  = BIF zote / bei_ya_kati = 6211800 / 1.2 = 5176500 TZS
hasara      = alicholipa - ulichopokea = 5176500 - 4846200 = 330300 TZS
asilimia    = hasara / alicholipa x 100 = 6.4
```

Hizo shilingi 330,300 zina makundi mawili, na jibu langu lote linasimama juu ya tofauti ya makundi hayo. Ada za benki tatu zimekula shilingi 151,500. Kubadilisha pesa mara mbili, faranga kwenda dola na dola kwenda shilingi, kumekula 178,800: laki moja kamili Bujumbura na 78,800 huku kwako. Kundi la pili halijaandikwa kwenye karatasi yoyote. Limejificha ndani ya kiwango, ndiyo maana kila unayemuuliza anakuonyesha ada tu.

Angalia pia kinachotokea mzigo ukiwa mkubwa mara kumi. Ada hazikui, zinabaki 151,500. Za kubadilishia zinapanda pamoja na mzigo hadi karibu 1,800,000. Kwa hiyo muuzaji mdogo anaumizwa karibu sawa na ada na kiwango, lakini muuzaji mkubwa anaumizwa na kiwango karibu peke yake.

Sasa tuje kwenye sarafu yenyewe. Pesa iliyoko kwenye simu yako leo ni deni la kampuni ya simu kwako, ikiwa imewekewa dhamana ya pesa iliyohifadhiwa benki. Pesa ya akaunti ni deni la benki ya biashara. Noti mkononi ni deni la Benki Kuu. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni kama noti kwa maana hiyo: ni deni la Benki Kuu, ila imeandikwa kwenye daftari la kielektroniki badala ya karatasi. Ipo ya rejareja, inayoshikwa na mtu yeyote kwenye pochi ya simu, na ipo ya jumla, inayoshikwa na benki tu kwa ajili ya kulipana zenyewe. Kumbuka kwamba kila nchi inatoa ya kwake. Shilingi ya kidijitali inabaki shilingi na faranga ya kidijitali inabaki faranga. Hakuna sarafu mpya ya katikati inayozaliwa, kwa hiyo kazi ya kubadilisha iko palepale, na lazima awepo mtu wa kuifanya.

Namna mtu huyo anavyoingia imejaribiwa vizuri kwenye mradi ulioitwa Icebreaker, uliofanywa na benki kuu za Israeli, Norwei na Swideni pamoja na Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel, ripoti yake ikatoka mwaka 2023. Waliojenga mradi ule hawakuiruhusu sarafu ya nchi moja itoke kwenye daftari lake. Waliweka kituo cha katikati, na wabadilishaji wenye pochi katika nchi zote mbili wakawa wanatangaza bei zao hapo. Mlipaji anapotaka kutuma, kituo kinalinganisha bei zote na kuchagua iliyo nafuu zaidi. Mbadilishaji anapokea sarafu ya nchi ya kwanza kwenye pochi yake ya huko, na kwenye nchi ya pili anamlipa mpokeaji kutoka pochi yake ya pili.

Tuulete mpango huo ziwani. Mteja wako anaweka ankara ya 5,000,000 kwenye simu. Kituo kinamjibia: mbadilishaji fulani atataka faranga 6,120,000. Akikubali, faranga zake zinafungwa kwenye daftari la Burundi kwa kufuli linalofunguliwa na namba ya siri, na namba hiyo imetengenezwa na pochi yako. Mbadilishaji akiona faranga zimefungwa, anafunga shilingi 5,000,000 kwenye daftari la Tanzania kwa kufuli lile lile. Pochi yako inatumia namba ile kuchukua shilingi. Kwa kuitumia, namba inaonekana, na mbadilishaji anaitumia kuchukua faranga. Muda ukipita bila mtu kufungua, kila pesa inarudi kwa mwenyewe. Haiwezekani upande mmoja utoe na mwingine usitoe, na hii si faida ndogo kwa mtu anayepakia mifuko Kibirizi kabla ya kulipwa. Unaweza kumwambia mteja afunge pesa kwanza, ukaona imefungwa, ndipo boti likang'oa nanga.

Hapa pana jambo moja la kuangalia kwa makini, hasa mahali ambapo mtandao hukatika. Kufuli la upande wa Tanzania lazima liwe na muda mfupi kuliko la Burundi, ili ukichukua shilingi dakika ya mwisho, mbadilishaji abakiwe na muda wa kuchukua faranga zake. Mtandao ukikosekana kwako hadi muda upite, hupotezi shilingi hata moja, ila malipo yanakufa na faranga zinarudi kwa mteja, na mnaanza upya kwa bei mpya. Na kwa kuwa mbadilishaji anakuwa ameshikilia bei ile muda wote huo huku soko likitembea, kadiri muda wa kufuli unavyorefushwa ndivyo anavyoongeza kidogo kwenye bei yake kufidia hatari. Mfumo wenye muda mrefu wa kuvumilia mtandao mbovu utakuwa ghali kuliko wa muda mfupi.

Turudie hesabu. Benki ya njiani imeondoka. Tuseme ada za kituo na za pochi mbili zimebaki shilingi 10,000. Mbadilishaji akikubali kubadilisha faranga kwa shilingi moja kwa moja kwa nyongeza ya asilimia 2, anachukua 100,000. Jumla 110,000, kutoka 330,300. Hiyo ndiyo ahadi nzuri kabisa ya teknolojia hii, na ni ya kweli pale mbadilishaji wa namna hiyo anapokuwepo.

Asipokuwepo, kituo kitapitia sarafu ya tatu kama daraja, na huku kwetu daraja hilo ni dola. Kubadilisha kunarudi kuwa mara mbili: 100,000 upande mmoja na 80,000 upande wa pili, ukijumlisha ada 10,000 unafika 190,000. Umeokoa 140,300, karibu asilimia 42 ya hasara ya zamani. Sasa chukua mzigo wa shilingi 50,000,000 kwa njia hiyo hiyo ya daraja: hasara ya zamani ilikuwa 1,950,300, mpya ni 1,810,000. Kilichookolewa ni kile kile 140,300, ambacho sasa ni asilimia 7 tu. Ukisikia mtu anasema sarafu ya kidijitali itapunguza gharama kwa nusu, muulize kwanza: kwa mzigo wa kiasi gani, na nani anatoa bei ya moja kwa moja?

Swali la pili ndilo zito, kwa hiyo tumtazame huyo mbadilishaji. Tuseme anaanza na shilingi milioni 200 kwenye pochi ya Tanzania na faranga milioni 240 kwenye pochi ya Burundi, thamani sawa. Kila mteja wa Bujumbura anapolipa ankara kama yako, shilingi zake zinapungua kwa milioni 5 na faranga zinaongezeka kwa zaidi ya milioni 6. Baada ya malipo 40 pochi ya shilingi ni tupu na ya faranga inakaribia milioni 485. Ili aendelee lazima apate watu wa Tanzania wanaotaka faranga, yaani wanaonunua bidhaa Burundi. Lakini biashara ya mpaka huu inaelekea upande mmoja zaidi: Tanzania inauza Burundi kuliko inavyonunua huko. Chumvi, unga na saruji vinakwenda, na kinachorudi hakitoshi kumaliza faranga zile.

Hasubiri pochi iishe. Mapema ataanza kupandisha bei: leo faranga 1.224 kwa shilingi, wiki ijayo 1.26, baadaye 1.32. Hapo nyongeza yake imetoka asilimia 2 hadi 10, ghali kuliko benki tuliyoanza nayo. Programu inafanya kazi, malipo yanafika kwa sekunde, na bado unalia. Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuiona: omba bei ya milioni 1, kisha omba bei ya milioni 50 dakika ile ile. Zikitofautiana sana, pochi ya upande mmoja imekauka, wala usimlaumu mwenye mtandao.

Tuna ushahidi wa jambo hili karibu na nyumbani. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wake wa malipo, ukiunganisha mifumo ya benki kuu za Kenya, Tanzania na Uganda, na Rwanda ikaingia. Mfumo ule unaruhusu kulipa kwa shilingi na faranga za kanda, bila kupitia New York, siku hiyo hiyo, kwa pesa ya benki kuu. Kwa benki, hiyo ni karibu sana na kile kinachoahidiwa na sarafu ya kidijitali ya jumla. Hata hivyo dola haikuondoka kwenye biashara ya kanda, kwa sababu anayepokea sarafu ya jirani anajiuliza papo hapo ataipeleka wapi.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu kuliko zote kwa wewe unayeuza Burundi hasa. Hesabu zote hapo juu zilidhani kuna bei moja ya faranga. Burundi kwa miaka mingi imekuwa na mbili: ya benki na ya mtaani. Mwaka 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilifunga maduka ya kubadilishia fedha, na mwezi Mei 2023 ilishusha thamani rasmi ya faranga kwa kiasi kikubwa kwa mpigo mmoja ikijaribu kuisogelea bei ya mtaani. Pengo lilifunguka tena. Sababu ni uhaba wa dola: nchi inapata fedha kidogo za kigeni kuliko mahitaji yake, na kwa bei rasmi kila mtu angependa kuzinunua.

Tuweke pengo hilo kwenye mfano. Benki inasema dola 1 ni faranga 3,000, mtaani ni 6,000. Kwa bei ya mtaani shilingi 1 ni faranga 2.4. Mteja wako akikwambia "nikulipe kwa faranga, kwa kiwango cha benki," atakupa milioni 6. Ukivuka nazo kutafuta shilingi mtaani utapata 2,500,000, nusu ya ankara. Hakuna ada ya benki duniani inayofikia hasara hiyo. Na yeye akitaka kulipa shilingi zako 5,000,000 kamili kwa bei ya mtaani, atahitaji faranga milioni 12.

Mbadilishaji wa kituo chetu afanye nini hapo? Daftari la benki kuu linaandika kila muamala, na benki kuu haitakubali daftari lake lenyewe lioneshe bei inayokanusha ile rasmi. Akilazimishwa kutumia 1.2, kila mnunuzi wa Bujumbura atakimbilia kwake, maana anauza shilingi kwa nusu ya thamani ya mtaani, na hakuna mtu wa Tanzania atakayemletea shilingi kwa bei hiyo. Siku ya kwanza pochi inaisha, kisha inakuja foleni, na foleni huzaa upendeleo. Akiruhusiwa kutumia 2.4, benki kuu imekiri kwamba bei yake rasmi si bei. Huo ni uamuzi wa sera ya fedha, na hakuna kufuli la namba ya siri linaloweza kuufanya badala ya wanaohusika.

Naijeria ilitoa sarafu yake ya kidijitali, eNaira, mwezi Oktoba 2021, ikiwa na thamani sawa na naira ya karatasi. Wakati huo naira nayo ilikuwa na bei mbili. eNaira haikuliziba pengo hilo, watu hawakuichangamkia, na lililobadili mambo mwezi Juni 2023 ni uamuzi wa kuiachia naira itafute bei yake sokoni. Anayetaka kujua sarafu ya kidijitali itafanya nini penye pengo la bei, mfano ndio huo.

Upande wa pili wa mizani, haki ni kusema pia pale ilipofanya vizuri. Mradi wa mBridge uliunganisha benki kuu za Uchina, Hong Kong, Tailandi na Falme za Kiarabu kwenye daftari moja la jumla. Kwenye majaribio ya mwaka 2022, benki 20 zilifanya malipo halisi zaidi ya 160, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 22, kwa wiki sita. Malipo yaliyozoea kuchukua siku yalikamilika kwa sekunde, na benki hazikuhitaji kulaza pesa kwenye akaunti za benki za njiani. Lakini tazama nchi zenyewe: zina biashara nene pande zote na hazina uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Njia ikisafishwa mahali ambapo wabadilishaji wapo, faida inaonekana mara moja.

Kwa hapa kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza nia ya kuandaa sarafu ya kidijitali mwaka 2021, na Januari 2023 ikatoa taarifa kwamba itakwenda kwa hatua na kwa tahadhari, ikipima hatari kabla ya kuamua. Kenya mwaka 2023 ilisema jambo hili si kipaumbele cha lazima kwa muda mfupi na wa kati. Usipange biashara ya msimu huu kwa kuitegemea. Hata ikija, soma masharti mawili kabla ya kushangilia: kama asiye mkazi wa nchi anaruhusiwa kushika pochi, na kikomo cha kiasi kwenye pochi. Sarafu nyingi za rejareja zimewekewa kikomo ili watu wasihamishe akiba yote kutoka benki za biashara, na kikomo cha mwenye kitambulisho cha kawaida kinaweza kuwa chini ya bei ya boti moja la chumvi. Halafu kuna kodi. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilitufundisha kwamba bei ya kutuma inaweza kuongezeka kwa usiku mmoja bila mtambo wowote kubadilika.

Mwenye mteja Uvira au Kalemie ana hesabu tofauti. Kongo inalipana kwa dola hata sokoni, kwa hiyo faranga ya Kongo ya kidijitali haitagusa biashara hiyo sana. Huko kinachokula ni tofauti ya dola na shilingi tu, mara moja, pamoja na hatari ya kubeba noti ziwani.

Wakati ukisubiri, yapo mambo unayoweza kuyafanya kwenye mfumo uliopo. Andika ankara kwa shilingi au dola, si faranga, na taja ndani yake siku ambayo kiwango kitachukuliwa, ili hasara ya bei isikuangukie wewe kwa ukimya. Kwenye fomu ya kutuma ya mteja wako kuna sehemu ya ada inayoandikwa OUR, SHA au BEN. OUR maana yake mtumaji analipa zote, SHA mnagawana, BEN zote zinakatwa kwako. Wengi huwekewa SHA bila kuulizwa, na hapo ndipo dola 20 za benki ya njiani zinapotoka kwenye mzigo wako. Kama mmepatana OUR, mwombe nakala ya ujumbe wa malipo uliotumwa na benki yake, ambao hadi Novemba 2025 ulikuwa MT103, na uangalie sehemu inayosema nani analipa ada. Ikisoma tofauti na mlivyopatana, unayo karatasi ya kudai.

Kwa kuwa ada hazikui na mzigo, malipo mawili ya milioni 5 kila wiki yanaweza kuunganishwa kuwa moja la milioni 10 ikiwa mnaaminiana, na ada ya 151,500 inalipwa mara moja badala ya mbili. Na kabla ya kukubali kiwango cha benki yako, piga simu benki mbili nyingine za mjini uulize bei yao ya kununua dola saa hiyo. Tofauti ya shilingi 15 kwa dola kwenye dola 2,000 ni shilingi 30,000.

La maana kuliko hayo ni kutafuta jirani yako anayenunua kutoka Burundi. Kama yupo mfanyabiashara wa Kigoma anayehitaji faranga kulipia bidhaa za huko, yeye ana kiu ya kile unachotaka kukitoa. Yeye anakulipa shilingi hapa, mteja wako anamlipa muuzaji wake faranga kule, kwa bei mliyokubaliana nyote wanne na kwa ankara zilizoandikwa. Uliza benki yako kwanza namna ya kuliandika jambo hilo kisheria pande zote mbili, maana kubadilisha fedha kama biashara bila leseni ni kosa, na bila karatasi mpango huu unafanana na magendo hata kama si magendo. Ukifanyika sawasawa, ndio ule ule mzunguko ambao mbadilishaji wa kidijitali angeuhitaji ili aishi.

Kwa hiyo siku ikitangazwa kwamba shilingi ya kidijitali imeunganishwa na ya jirani, fungua ukurasa wa bei, weka shilingi 5,000,000 dhidi ya faranga, kisha 50,000,000, ulinganishe na bei ya kati na bei ya mtaani ya siku hiyo. Bei hizo nne zikikaribiana, hamia huko bila kuchelewa. Zikiachana, endelea na OUR yako na jirani yako.